Nani Anabana Maksi?

Kila shule ina mwalimu anayejulikana kwa kubana maksi na mwingine anayesemwa kuwa anazigawa kama njugu. Maneno hayo huhama kutoka kidato hadi kidato, hufika nyumbani, na mwisho huibuka kwenye kikao cha wazazi, pale mzazi anaposimama na kuuliza kwa nini mkondo wa mtoto wake umepata wastani wa 53 na mkondo wa jirani 57, ilhali mtihani ulikuwa mmoja. Mkuu wa shule hujibu kwa upole, walimu hutazamana, na kikao huendelea na suala la chakula cha mchana.

Swali la mzazi huyo lina jibu, na jibu hilo hupatikana kwa daftari la maksi, kalamu na jioni mbili za kazi. Shida ni kwamba hesabu inayomjia mtu kwanza kichwani, ile ya kuweka wastani huu kando ya ule, inaweza kumtia hatiani mwalimu asiyehusika kabisa.

Mmoja wa watu wa mwanzo kulifukua jambo hili hadharani alikuwa Max Meyer, mwanasaikolojia mzaliwa wa Ujerumani aliyefundisha Chuo Kikuu cha Missouri, Marekani. Mwaka 1908 alichapisha maksi zilizotolewa na wenzake wapatao arobaini katika kipindi cha miaka mitano. Mwalimu mmoja wa falsafa alikuwa amewapa daraja la juu kabisa wanafunzi 55 katika kila mia. Mwenzake wa kemia alimpa mmoja. Chuo ni kilekile, na herufi A iliyoandikwa kwenye cheti ni ileile. Uongozi haukulipuuza suala hilo: chuo kiliweka utaratibu wa kupanga madaraja kwa kufuata nafasi ya mwanafunzi miongoni mwa wenzake.

Lakini fikiria mwalimu wa falsafa angejiteteaje. Angeweza kusema kwamba somo lake huchaguliwa na wanafunzi wachache wenye akili kali, wakati kemia hujaa kila aina ya watu, pamoja na wale waliolazimishwa. Orodha ya Meyer peke yake haiwezi kumkanusha. Ilionyesha maksi zimetawanyika vipi kwa kila mwalimu. Nani alikuwa amekaa kwenye madawati, hilo haikulionyesha.

Miaka minne baadaye, Daniel Starch na Edward Elliott wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walikata mzizi huo kwa njia nyingine. Walichukua karatasi mbili za majibu ya Kiingereza zilizoandikwa na wanafunzi wa sekondari, wakazitoa nakala na kuzituma mashuleni ili walimu wazisahihishe kama kawaida yao. Majibu ya walimu 142 yalifaa kutumika. Karatasi moja ilipewa maksi kuanzia 64 hadi 98, na ya pili kuanzia 50 hadi 97. Wakosoaji walisema Kiingereza ni somo la maoni, hivyo tofauti hizo si ajabu. Mwaka 1913 watafiti hao wakarudia zoezi kwa karatasi ya jiometri, somo ambalo kila mtu huamini kuwa jibu lake ni sahihi au si sahihi. Pengo likawa kubwa zaidi: kuna waliotoa chini ya 30 na waliotoa zaidi ya 90, kwa karatasi ileile.

Hapo hakuna anayeweza kusingizia wanafunzi, kwa sababu mwanafunzi ni mmoja. Ila shule ya kawaida haina karatasi moja iliyopita mikononi mwa walimu wote. Ina mikondo, kila mwalimu na mkondo wake, na kila mkondo una watoto wake. Basi turudi kwa yule mzazi wa kikaoni.

Tuchukue shule ya sekondari ya mfano nchini Tanzania, yenye mikondo miwili ya Kidato cha Tatu, Mashariki na Magharibi, kila mmoja ukiwa na wanafunzi 40. Somo ni Kiswahili. Mtihani wa muhula ni mmoja, lakini kila mwalimu amesahihisha karatasi za mkondo wake. Mashariki wamepata wastani wa 57, Magharibi 53. Hukumu ya haraka inasema mwalimu wa Magharibi ndiye anayebana.

Kabla ya kumwita ofisini, kinahitajika kipimo cha uwezo wa watoto ambacho hakikutoka mikononi mwa walimu hawa wawili. Bahati nzuri kipo. Watoto wote 80 walifanya Upimaji wa Kitaifa wa Kidato cha Pili, na karatasi zao zilisahihishwa chini ya Baraza la Mitihani na watu wasiowajua. Madaraja yake ni yale yanayofahamika: A kuanzia 75, B kuanzia 65, C kuanzia 45, D kuanzia 30, na chini ya hapo F. Wanafunzi wanapangwa katika mafungu matatu kwa daraja walilopata la Kiswahili: la juu ni la wenye A na B, la kati ni la wenye C, la chini ni la wenye D na F.

Mara tu daftari linapopangwa hivyo, sura inabadilika. Tuseme Mashariki, ambao shuleni huitwa mkondo wa vichwa, wana wanafunzi 20 wa fungu la juu, 14 wa kati na 6 wa chini. Magharibi ni kinyume chake: 6 wa juu, 14 wa kati, 20 wa chini. Sasa tutazame wastani wa maksi za muhula ndani ya kila fungu. Wa juu wamepata 66 Mashariki na 72 Magharibi. Wa kati, 52 na 58. Wa chini, 38 na 44.

Msomaji anaweza kutaka kuzitazama tena. Katika kila fungu, bila kubakiza hata moja, mtoto wa Magharibi amepata maksi 6 zaidi ya mwenzake wa Mashariki mwenye daraja lilelile la Kidato cha Pili. Hata hivyo wastani wa jumla wa Magharibi uko chini. Hakuna kiinimacho hapo. Mashariki wameinuliwa na wingi wa vichwa, na Magharibi wamevutwa chini na wingi wa watoto dhaifu. Wastani wa mkondo umechanganya mambo mawili, mkono wa mwalimu na aina ya darasa, na katika mfano huu darasa limeufunika mkono.

Kuvitenganisha ni hesabu ya kuzidisha na kugawanya tu. Kila mwalimu anapewa darasa lilelile la kufikirika, lenye mchanganyiko wa wanafunzi wote 80: 26 wa juu, 28 wa kati, 26 wa chini. Wastani wa kila fungu wa mwalimu wa Mashariki unazidishwa kwa idadi hizo, yaani 66 mara 26, 52 mara 28, 38 mara 26, kisha jumla inagawanywa kwa 80. Jibu ni 52. Kwa mwalimu wa Magharibi, hesabu hiyohiyo inatoa 58. Wataalamu wa afya hutumia njia hii wanapolinganisha vifo vya mji wenye wazee wengi na mji wenye vijana wengi. Huwezi kuusema mji wa wazee kuwa una hospitali mbaya kwa sababu tu watu wengi zaidi hufa huko.

Kwa hiyo aliyeshtakiwa kikaoni ndiye mwenye mkono mwepesi, au angalau ndivyo inavyoonekana hadi hapa. Anayefahamu kazi hii hafungi daftari bado.

Jambo la kwanza linalomtia shaka ni upana wa mafungu yenyewe. Daraja C linaanzia 45 hadi 64, maksi ishirini nzima. Mwenye 46 na mwenye 63 wamewekwa kapu moja. Katika mkondo wa vichwa, kuna uwezekano mkubwa kwamba wenye C ni wale waliokaribia B, na kwamba huko Magharibi wengi wao waliponea chupuchupu D. Kumbe basi kulinganisha C na C hakukuondoa tofauti yote ya uwezo. Kumeondoa sehemu tu. Cha kuangalia ni upande ambao kosa hilo linaelekea. Ikiwa watoto wa Mashariki wana uwezo zaidi hata ndani ya fungu moja, na bado wanapata maksi pungufu, pengo halisi kati ya walimu haliko chini ya 6. Huenda ni zaidi. Kosa linamtetea mwalimu wa Mashariki, na hata kwa utetezi huo ameonekana kubana. Kama lingeelekea upande wa pili, hukumu isingesimama.

La pili ni karatasi zisizoandikwa. Mtoto aliyeugua malaria siku ya mtihani anapaswa kuandikiwa kwamba hakuwepo, lakini kuna madaftari ambamo nafasi yake hujazwa sifuri. Magharibi wana wanafunzi 6 tu wa fungu la juu. Mmoja wao aliyestahili 72 akiwekewa sifuri, wastani wa fungu unaporomoka kutoka 72 hadi 60, na ghafla mwalimu huyo anaonekana kuwabana vichwa na kuwapendelea wengine. Ndiyo maana mtu makini hupitia daftari jina kwa jina kabla ya kukokotoa chochote, na akikuta sifuri huuliza.

La tatu ni bahati. Watoto 40 si wengi. Mmoja alilala vizuri, mwingine swali lilimkuta amelisoma jana yake. Je, pengo la 6 linaweza kuzuka lenyewe bila mwalimu yeyote kuwa na mkono mgumu? Kuna jaribio lisilohitaji fomula. Maksi za kila mwanafunzi zinaandikwa kwenye kikaratasi, vikaratasi vya kila fungu vinawekwa kwenye bakuli lake na kuchanganywa. Kutoka bakuli la juu vinachotwa 20 na kupewa Mashariki, 6 vinavyobaki vinakwenda Magharibi. La kati linagawanywa 14 kwa 14, na la chini 6 kwa 20. Hapo mikondo imegawiwa kwa kura, na walimu hawahusiki tena. Wastani uliosawazishwa unakokotolewa upya na pengo linaandikwa. Kisha vinarudishwa na kuchanganywa tena. Kwa mkono, mara mia moja ni adhabu. Mwalimu wa kompyuta ataimaliza kazi hiyo akiwa anakunywa chai. Ikiwa pengo la 6 au zaidi linatokea mara mbili tatu katika mia, kusingizia bahati kunakuwa kugumu. Likitokea mara thelathini, hakuna kesi, na mzazi aambiwe hivyo. Darasa la watoto kumi na wawili karibu kila mara huishia kwenye jibu hili la pili, jambo linalowaudhi wanaotaka kumpata mkosaji kwa mtihani mmoja wa muhula.

Kipimo cha kuanzia nacho kina masharti yake. Lazima kiwe kilifanyika kabla mwalimu anayechunguzwa hajawagusa watoto, na kisiwe kimesahihishwa naye. Kutumia maksi za mwalimu huyohuyo za muhula uliopita ni kupima kitambaa kwa futi aliyoitengeneza muuzaji. Nayo matokeo ya somo la mbali, tuseme Hisabati kwa ajili ya Kiswahili, yatawapanga watoto ovyo, kwa kuwa wapo wanaokokotoa vizuri lakini insha inawashinda.

Wenye kudhani kwamba darasa dhaifu kukutana na mwalimu mkarimu ni ajali tu, watazame kilichotokea Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani. Kuanzia mwaka 1998 chuo hicho kiliweka kwenye mtandao daraja la katikati la kila kozi, ili watu wajue A ya kozi fulani ina uzito gani. Wachumi Talia Bar, Vrinda Kadiyali na Asaf Zussman walipochunguza kilichofuata, katika makala yao ya mwaka 2009, waligundua kwamba wanafunzi walianza kuzitumia takwimu hizo kama ramani ya kutafutia kozi zenye maksi rahisi. Wenye uwezo mkubwa hawakuvutwa sana na ramani hiyo. Matokeo yake ni kwamba mwalimu mkarimu huwavuta zaidi wanafunzi wa kawaida, nao hushusha wastani wa kozi yake, hadi ukarimu wake haujulikani tena kwa kutazama wastani. Mwaka 2011 chuo kikaacha kuzitangaza kwa umma. Katika sekondari zetu mwanafunzi hachagui mkondo, lakini shule ikimpa mwalimu mpole watoto wanaohitaji kutiwa moyo, na mkali wale wa kung'arisha jina la shule, mchujo unakuwa uleule.

Tumebakiwa na utetezi mmoja mzito kuliko yote. Mwalimu wa Magharibi anaweza kusema: mimi sigawi maksi, mimi nafundisha. Watoto wangu waliingia wakiwa sawa na wale wa Mashariki, leo wamewazidi kwa maksi 6 kwa sababu nimewafundisha zaidi. Hesabu yote iliyofanywa hadi sasa haina la kumjibu, kwa kuwa imesawazisha uwezo wa kuingilia tu. Kilichotokea darasani tangu Januari na kilichotokea wakati wa kusahihisha vimebaki katika fundo moja.

Hapa ndipo zoezi la Starch na Elliott linapofaa, na gharama yake ni ndogo. Zinachukuliwa karatasi 10 za Mashariki na 10 za Magharibi, zilizochaguliwa kwa kura kutoka mafungu yote. Majina yanafunikwa na nakala zinatolewa kabla ya kalamu nyekundu kupita juu yake; zikishasahihishwa, alama ya mwenzako itakuongoza utake usitake. Kila mwalimu anasahihisha zote 20. Kwa kuwa karatasi ni zilezile, uwezo wa mtoto, mkondo wake na ufundishaji aliopata vimetoka nje ya mlango. Kinachobaki ni mkono.

Tuseme mwalimu wa Mashariki ametoa wastani wa 54 kwa karatasi hizo, na wa Magharibi 58. Basi katika yale maksi 6, takriban 4 ni ya kalamu. Mawili yanayobaki huenda ni ya ufundishaji mzuri wa Magharibi, huenda ni ya bahati. Kwa idadi hii ya watoto hakuna wa kuyaapia. Walimu wote wawili wana sehemu yao ya haki, na hilo hupunguza joto kikaoni.

Kama shule ina subira, kuna ushahidi mwingine unaokuja wenyewe mwaka unaofuata. Wanatafutwa wanafunzi waliopewa maksi zinazokaribiana, tuseme 55 hadi 60, katika kila mkondo, na kutazamwa walichopata kwenye mtihani wa taifa wa Kidato cha Nne. Ikiwa wenye 58 za Mashariki wanavuna madaraja ya juu kuliko wenye 58 za Magharibi, maana yake 58 ya Mashariki ilikuwa nzito. Ni sawa na kupeleka fedha za nchi mbili kwenye duka moja na kuona kila moja inanunua nini.

Wastani hauelezi kila kitu kuhusu mkono wa mtu. Wapo walimu wawili wanaotoa wastani uleule wa 55, mmoja akitawanya maksi kutoka 25 hadi 85, mwingine akizirundika kati ya 48 na 62. Wa pili hambani yeyote na wala hampendelei yeyote, lakini mtoto bora wa darasa lake anaondoka na 62 na kuachwa mbali na wenzake wa mkondo wa pili, huku dhaifu akiondoka na 48 asijue kuwa yuko hatarini. Kwa kuchora tu vijiti, kimoja kwa kila mtoto, juu ya mstari wa 0 hadi 100, tofauti hiyo huonekana kwa macho. Mchoro huohuo hufichua jambo lingine: rundo la vijiti kwenye 30 au 45 kamili, na uwazi kwenye 28, 29, 43 na 44. Rundo la namna hiyo si kazi ya watoto. Ni mwalimu aliyefika mpakani, akamwonea mtu huruma, akarudi kutafuta maksi moja kwenye swali la tano. Mwalimu mkali kwa sifa naye anaweza kukutwa na rundo hilo.

Basi karatasi 20 zikiwa mezani, kazi inayobaki ni kuzipitia swali kwa swali, maana maksi 4 hazikukatwa sawasawa kila mahali. Katika shule yetu ya mfano, sehemu ya sarufi na ya ufahamu wamelingana karibu kabisa, kwa kuwa mwongozo wa usahihishaji ulitaja jibu. Pengo lote liko kwenye insha. Mwongozo uliandika tu kwamba makosa ya tahajia yakatwe maksi. Mwalimu wa Mashariki amekuwa akikata nusu maksi kwa kila kosa hadi mwisho wa insha, hata neno likirudiwa mara tano. Mwenzake amekuwa akihesabu neno lililorudiwa kuwa kosa moja, na akifika maksi 3 anaacha. Wanaketi, wanakubaliana ukomo uwe 3 na neno lililorudiwa lihesabiwe mara moja, wanauandika kwenye mwongozo, na kuzisahihisha upya insha zile kumi za Mashariki ambazo nakala zake ziko mezani. Sabini na moja wanayoipata moja ya karatasi hizo ilikuwa sitini na sita wiki iliyopita.